Faili limefika wapi? Kupakia kwa vipande pale mtandao unapokatika

Mahojiano ya dakika 50 yaliyorekodiwa kwa simu, kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, hutoa faili la sauti la megabaiti 48 hivi. Kwa mtu aliyekaa ofisini Nakasero penye nyaya za faiba, hilo ni jambo la sekunde chache. Tumchukue badala yake mdadisi wa utafiti wa afya aliyeko Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese, ambaye lazima afikishe faili hilo kwenye seva iliyoko Kampala kabla ya jioni. Simu yake inapakia kilobaiti 50 kwa sekunde, na mtandao unakatika kwa wastani kila baada ya dakika 4. Mtandao usingekatika, faili lingefika kwa dakika 16.

Sasa programu yake inatuma faili lote kwa ombi moja, na likikatika inaanza upya. Tukichukulia kwamba mikatiko inakuja ovyo, bila mpangilio, uwezekano wa kupata dakika 16 mfululizo bila hata mkatiko mmoja hauzidi 2 kati ya 100. Muda wa wastani hadi faili lifike unapatikana kwa fomula fupi, `4 × (e^4 − 1)`, ambapo 4 ya nje ni dakika kati ya mkatiko na mkatiko, na 4 ya juu ni mara ambazo muda huo unaingia katika dakika 16. Jibu ni dakika 214, yaani zaidi ya saa tatu na nusu. Katika muda huo simu itakuwa imerusha hewani megabaiti 640 ili kufikisha 48. Bando ni lake, na tangu Julai 2021 kila shilingi ya bando nchini Uganda inabeba ushuru wa asilimia 12 uliochukua nafasi ya kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Megabaiti 592 zilizopotea njiani zimetozwa kodi sawasawa na zile 48 zilizofika.

Fomula hiyo inaonyesha jambo ambalo wajenzi wengi wa mifumo hawalioni kwa sababu wanajaribu kazi zao kwenye mtandao mzuri. Gharama ya kuanza upya haikui sambamba na ukubwa wa faili. Faili la megabaiti 12 kwa mdadisi yuleyule lingehitaji dakika 4 tu, na wastani wake pamoja na kurudia ni kama dakika 7. Ukubwa umepanda mara nne, muda umepanda mara thelathini. Ndiyo maana mfumo unaopokea picha bila shida unaweza kuanguka kabisa siku unapoanza kupokea sauti na video, ingawa hakuna aliyebadilisha hata mstari mmoja wa programu. (Na ndiyo maana, kabla ya kugusa seva, inafaa kuuliza kama sauti ya mtu anayezungumza inahitaji kilobiti 128. Kwa kilobiti 32 mahojiano yaleyale yangekuwa megabaiti 12, na maneno yangesikika vizuri.)

Suluhisho linalotajwa mara moja ni kukata faili vipande. Hilo ni kweli nusu. Nitajaribu kuonyesha kwamba kukata peke yake hakutoshi, na kwamba mfumo unasimama au kuanguka kwa swali moja dogo: baada ya mkatiko, nani anajua faili limefika wapi?

Uganda ina uzoefu mrefu katika jambo hili, kwa sababu ni moja ya nchi ambako ukusanyaji wa takwimu kwa simu ulikita mizizi mapema. Open Data Kit, ambayo watumiaji wake huiita ODK tu, ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na Gaetano Borriello pamoja na wanafunzi wake Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette. Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere iliitumia tangu 2014 katika mradi wa PMA2020, ambamo wadadisi wanawake walijaza dodoso la uzazi wa mpango kwa simu za mkononi. Programu ya simu, ODK Collect, ilijengwa kwa kudhani tangu mwanzo kwamba mtandao haupo. Fomu inajazwa nje ya mtandao, inahifadhiwa ndani ya simu, na inatumwa mtandao ukipatikana.

Namna inavyotuma inafaa kuangaliwa kwa karibu. Kabla ya kupakia, simu inauliza seva kwa ombi la `HEAD`, na seva inaweza kujibu kwa kichwa `X-OpenRosa-Accept-Content-Length`, kinachosema ombi moja lisizidi baiti ngapi. Seva isiposema, Collect huchukua baiti milioni 10. Fomu ikiwa na viambatisho vingi kuliko kiasi hicho, Collect hugawa viambatisho katika maombi kadhaa. Kila ombi hubeba tena fomu yenyewe, na yale yasiyo ya mwisho huwekewa alama ya `*isIncomplete*`. Seva huyaunganisha kwa `instanceID`, kitambulisho ambacho simu ilikipa fomu tangu ilipojazwa.

Kwa picha, utaratibu huu unafaa sana. Mkulima au mdadisi aliyepiga picha 16 za majani ya muhogo, kila moja megabaiti 3, ana megabaiti 48 zilezile za mdadisi wetu, lakini zimekatwa tayari kwa maumbile yake. Maabara ya akili bandia ya Makerere, kwa kushirikiana na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge, ilikusanya picha za namna hiyo kwa maelfu. Seti yao iliyotolewa hadharani mwaka 2020 ilikuwa na picha 21,367 za majani ya muhogo kutoka Uganda. Kazi ikiwa ni picha nyingi ndogo, hakuna haja ya kukata chochote, kwani kila picha ni kipande kinachojitegemea na kikipotea kinatumwa peke yake.

Mahojiano ya sauti hayana mishono ya namna hiyo. Faili moja la megabaiti 48 linazidi kikomo cha ombi, lakini kanuni hii haina njia ya kuligawa katikati. Litakwenda zima katika ombi lake. Muhimu zaidi, hakuna mahali katika mazungumzo hayo ambapo simu inaweza kuuliza, "Umepokea baiti ngapi za faili hili?" Ikikatika kwenye baiti ya milioni 47, zote 47 zimekwenda bure. ODK haikukosea hapo. Ilijengwa kwa fomu na picha, na kwa hizo imefanya kazi iliyokusudiwa. Kosa ni la mradi unaochukua chombo hicho na kukipakia mahojiano ya saa nzima bila kupiga hesabu.

Kanuni inayolijibu swali hilo waziwazi zaidi inaitwa tus. Ilianza mwaka 2013, ni ya wazi, na ina programu za bure upande wa simu, kivinjari na seva. Mazungumzo yake ni mafupi kiasi kwamba yanaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua kwa mdadisi wetu wa Kalangala. Kwanza simu inatangaza kwamba kuna faili linakuja, na ukubwa wake:

```
POST /faili HTTP/1.1
Tus-Resumable: 1.0.0
Upload-Length: 48000000

HTTP/1.1 201 Created
Location: /faili/7c1e
```

Hakuna baiti hata moja ya sauti iliyokwenda bado. Kilichopatikana ni anwani, `/faili/7c1e`, na simu inaiandika mara moja kwenye kumbukumbu yake ya kudumu. Kisha inaanza kutuma sauti kwa ombi la `PATCH` likisema linaanzia baiti ya 0. Sekunde 350 zinapita, halafu laini inakatika.

Simu ina hesabu yake: imetoa baiti 17,500,000. Lakini hesabu hiyo ni ya baiti ambazo programu imekabidhi kwa mfumo wa simu, na mfumo wa simu una bohari yake inakozipanga kabla hazijarushwa. Nyingine zilikuwa hewani, nyingine zilikuwa zinasubiri mnarani. Laini inaporudi, simu haifuati hesabu yake. Inauliza:

```
HEAD /faili/7c1e HTTP/1.1
Tus-Resumable: 1.0.0

HTTP/1.1 200 OK
Upload-Offset: 17340416
Upload-Length: 48000000
Cache-Control: no-store
```

Seva inazo 17,340,416. Tofauti ni baiti 159,584. Kwa sauti ya kilobiti 128, hizo ni kama sekunde 10 za mahojiano. Programu iliyoamini hesabu yake yenyewe ingeendelea kutoka milioni 17.5 na kuacha pengo la sekunde 10 katikati ya faili. Ingekuwa afadhali kama hasara ingeishia hapo. Faili la sauti la simu, lile la `.m4a`, huwa na jedwali linaloonyesha kila sehemu ya sauti iko kwenye baiti gani. Pengo likitokea, kila kitu baada yake kimesogea na jedwali linaonyesha mahali pasipo sahihi. Mtafiti aliyeko Mulago anafungua faili, linacheza vizuri kwa dakika 18, kisha linatoa kelele au kunyamaza, na mhojiwa yuko kisiwani.

Kwa hiyo simu inaendelea kutoka pale seva iliposema, kwa `PATCH` yenye `Upload-Offset: 17340416`. Zimebaki baiti 30,659,584, kazi ya dakika 10 na sekunde 13 hivi. Ikiwa kwa sababu yoyote simu itataja namba isiyolingana na ile ya seva, seva inakataa kwa `409 Conflict` badala ya kuandika mahali pasipostahili. Kichwa cha `Cache-Control: no-store` nacho kina kazi yake: kinazuia mtambo wowote ulioko kati usijibu kwa namba ya zamani iliyohifadhiwa.

Kuna aina ya mkatiko ambayo ni ya hatari zaidi kuliko hii, nayo ni ya jibu kupotea badala ya faili. Kipande kimefika chote, seva imekiandika kwenye diski, imetuma `204`, na laini imekufa kabla jibu halijafika simuni. Kwa simu, hali hii haiwezi kutofautishwa na ile ambayo kipande hakikufika kabisa. Mifumo iliyotengenezwa kwa haraka, ambayo simu inatuma "kipande cha 7" na seva inakibandika mwishoni mwa faili, huandika kipande cha 7 mara mbili hapa. Dalili yake ni rahisi kuiona ukiitafuta: faili lililokamilika ni kubwa kuliko la asili, na ziada yake ni sawa kabisa na kipande kimoja au viwili. Ukiliona hilo kwenye seva yako, usilaumu mtandao.

Jibu la mwisho kabisa likipotea, tatizo linabadilika sura. Seva imepata zote milioni 48, imefurahi, imehamisha faili kwenye hifadhi ya kudumu na kufuta anwani ya `/faili/7c1e`. Simu inarudi na `HEAD` yake, inapata `404`, na inafanya kile ilichofundishwa kufanya anwani isipokuwepo: inaanza upya kutoka sifuri. Nimeshaona mfumo ambao mafaili makubwa yalikuwa yakifika mara mbili au tatu, na kila mmoja akidhani wadadisi wanabonyeza kitufe mara nyingi. Dawa ni seva kuendelea kujibu kwa anwani hiyo siku kadhaa baada ya faili kukamilika, ikisema tu kwamba `Upload-Offset` ni sawa na `Upload-Length`. Simu ikiona namba hizo zinalingana, inajua kazi imekwisha.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba simu na seva zinaonana ana kwa ana. Haziko hivyo. Mbele ya seva nyingi hukaa nginx, ambayo hupokea maombi na kuyapitisha kwa programu iliyoko nyuma. Kwa mpangilio wake wa kawaida, nginx hupokea mwili wote wa ombi kwanza, huuweka kwenye diski yake, na ndipo huukabidhi. Ombi likikatika katikati, hutupa ilichokwisha kupokea, na programu ya nyuma haipati hata baiti moja. Hapo ndipo mifumo mingi inayojiita ya kuendelea baada ya mkatiko inapokufa bila mwenyewe kujua. Maktaba ya tus ya kivinjari, usipoiambia vinginevyo, hutuma faili lote kwa `PATCH` moja, kwa sababu inategemea seva kuandika kila baiti inapofika. Ukiiweka nyuma ya nginx isiyobadilishwa, mdadisi anapakia megabaiti 17, laini inakatika, simu inauliza kwa adabu zote, na seva inajibu kwa ukweli wake wote: `Upload-Offset: 0`.

Njia ya kuligundua ni kutazama kumbukumbu za seva na kusoma namba zinazorudishwa na `HEAD` baada ya mikatiko. Zikiwa za ovyo ovyo, kama 17340416, baiti zinaandikwa zinapofika. Zikiwa 0 daima, au daima zikigawanyika sawasawa kwa ukubwa wa kipande, kuna kitu katikati kinachozizuia. Kwa nginx marekebisho ni mistari michache:

```
location /faili {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_http_version 1.1;
    proxy_request_buffering off;
    client_max_body_size 0;
}
```

Mstari wa mwisho unaondoa kikomo cha kawaida cha megabaiti 1, ambacho hukataa ombi kubwa zaidi kwa `413`. Lakini huenda mbele ya nginx yako kuna huduma nyingine ya kampuni ya nje isiyoweza kurekebishwa, nayo pia inazuia baiti hadi ombi likamilike. Hapo ndipo vipande vinapopata kazi yao halisi. Kama kila baiti ingeandikwa inapofika, ukubwa wa kipande usingekuwa na maana kubwa. Kwa kuwa mara nyingi haiandikwi, kipande ndicho kiasi unachokubali kupoteza kila mkatiko.

Kiwe kikubwa kiasi gani? Turudi kwa mdadisi wetu na mikatiko yake ya kila dakika 4, tukichukulia kwamba kipande kisichokamilika kinapotea chote. Kwa kipande cha megabaiti 1, kinachochukua sekunde 20, faili lote linafika kwa wastani wa dakika 16.7. Kutoka dakika 214 tumeshuka hadi hapo kwa kukata tu. Kwa kipande cha megabaiti 8 ni karibu dakika 23, na zaidi ya theluthi moja ya ziada imeongezeka kwenye bando. Kwenda upande wa pili nako kuna gharama. Kwa kipande cha kilobaiti 64 tunapata vipande 750, na ikiwa kila kimoja kinasubiri jibu la seva kwa nusu sekunde, tumeongeza zaidi ya dakika 6 za kusubiri tu. Kinachoamua, basi, ni muda ambao kipande kinachukua ukilinganisha na muda kati ya mikatiko. Ukubwa wa faili hauingii kabisa. Kipande cha sekunde 15 hadi 20 ni chaguo zuri kwa hali kama ya Kalangala, na programu nzuri hupima kipande kilichopita kilichukua muda gani kisha ikarekebisha kinachofuata.

Hapa ushauri wa makampuni makubwa unahitaji kusomwa kwa macho ya Kampala. Nyaraka za hifadhi ya Google zinapendekeza vipande visivyopungua megabaiti 8, ingawa mfumo wenyewe unakubali kipande chochote ambacho ni kizidisho cha kilobaiti 256. Pendekezo hilo linafaa kwa laini za kasi. Hifadhi ya S3 ya Amazon ni ngumu zaidi, kwa sababu inakataa kipande kidogo kuliko megabaiti 5 isipokuwa cha mwisho. Kwa kilobaiti 50 kwa sekunde hilo linavumilika. Faili linafika kwa kama dakika 20. Lakini simu ikishuka hadi kilobaiti 10 kwa sekunde, jambo la kawaida jioni watu wote wanapokuwa mtandaoni, kipande cha megabaiti 5 kinahitaji zaidi ya dakika 8 bila mkatiko, na uwezekano wa kuzipata ni kama 12 kati ya 100. Faili ambalo lingechukua dakika 80 linachukua karibu saa nne na nusu. Anayetaka kuhifadhi S3 kwa watumiaji wa namna hii afadhali aweke seva yake ya tus katikati, ipokee kidogo kidogo, ikusanye megabaiti 5, ndipo ipeleke mbele.

Upande wa simu una mtego wake ambao hauhusiani na mnara hata kidogo. Kwenye Android, kazi za nyuma za kawaida zinazoendeshwa na WorkManager husimamishwa na mfumo baada ya dakika 10. Faili letu linahitaji dakika 16 hata kwenye laini isiyokatika. Ina maana hata mtandao ukiwa imara kabisa, simu yenyewe itakata kazi, na anayedhani kuendelea baada ya mkatiko ni suala la watu wa vijijini atashangaa kukuta watumiaji wake wa Ntinda nao hawafikishi mafaili. Jibu mojawapo ni kuendesha kazi hiyo kwa tangazo linaloonekana juu ya skrini, ili mfumo uiache iendelee, lakini hata hapo mtumiaji anaweza kuzima simu. Ni salama zaidi kuchukulia kwamba kila kazi itakatwa.

Watu wengi Kampala wana laini mbili, na moja ikizorota wanahamia nyingine. Anwani ya mtandao ya simu inabadilika papo hapo. Seva inayomtambua mpakiaji kwa anwani yake ya mtandao itamkataa katikati ya faili. Vivyo hivyo kwa kibali cha kuingia kinachokwisha baada ya saa moja: simu inarudi baada ya saa mbili, inapata `401`, na programu iliyoandikwa kwa uvivu inachukulia kosa lolote la namba 400 na kitu kuwa sababu ya kuanza upya. `401` inataka kibali kipya na kuendelea. Ni `404` na `410` tu zinazosema faili la nusu halipo tena.

Na ni muda gani seva iweke faili la nusu kabla ya kulifuta? Wengi huandika saa 24 bila kufikiri. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa Uganda nzima na haukurudi hadi tarehe 18. Kila faili la nusu kwenye seva ya saa 24 lilikuwa limefutwa kabla mtu yeyote hajaweza kuendelea. Google huweka kikao cha kupakia kwa wiki moja, ambacho kingepona. Mimi ningeweka wiki mbili. Mafaili 50 ya nusu ya megabaiti 48 hayafiki gigabaiti 2.5 za diski, na diski ya Kampala ni rahisi kuliko safari ya pili ya feri.

Wiki mbili zikiruhusiwa, lazima pia kujilinda na faili lenyewe kubadilika. Mtu anaweza kukata mwanzo wa rekodi kwa programu nyingine huku nusu ya rekodi ya zamani iko tayari kwenye seva. Nusu mbili za mafaili mawili zitaungana bila kosa lolote la kanuni, kwani baiti zinahesabika sawa. Kwa hiyo programu ya simu inakili faili kwenye hifadhi yake ya ndani kabla ya kuanza, inapiga hesabu ya SHA-256 ya nakala hiyo, na seva inapiga hesabu yake mwishoni na kulinganisha. Kwenye kivinjari, ambako ukurasa ukifungwa ruhusa ya kusoma faili inapotea, mtumiaji ataombwa alichague tena, na ukubwa, jina na tarehe ya mwisho ya kubadilishwa ndivyo vinavyothibitisha ni lilelile.

Majaribio ya mfumo kama huu hufanywa vibaya mara nyingi. Mtu anawasha hali ya ndege kwenye simu, anaizima, faili linaendelea, anaridhika. Hali ya ndege ni mkatiko wa wazi. Simu inaambiwa mara moja kwamba mtandao haupo. Mkatiko wa kweli wa ziwani au wa barabarani Masaka ni ukimya. Alama ya mtandao bado ipo, laini inaonekana iko wazi, na hakuna kinachopita. Ili kuuiga, zuia pakiti kwenye seva ya majaribio bila kumwambia mtu:

```
iptables -A INPUT -p tcp --dport 443 -j DROP
iptables -A OUTPUT -p tcp --sport 443 -j DROP
```

Kisha tazama simu inakaa muda gani kabla ya kukata tamaa na kuuliza upya. Isipowekewa kikomo chake yenyewe, inaweza kukaa dakika nyingi ikiwa imeganda kwenye asilimia 63, huku mtandao ukiwa umesharudi zamani. Fanya hivyo mara tatu: katikati ya kipande, mara tu baada ya seva kuandika kipande na kabla ya kujibu, na baada ya baiti ya mwisho. Halafu linganisha SHA-256.

Baada ya hapo, mfumo ukiwa kazini, kuna namba moja ya kufuatilia kila wiki: baiti zote zilizoingia kwenye seva kwa ajili ya kupakia, ukigawanya kwa ukubwa wa mafaili yaliyokamilika. Kwa mdadisi wetu na ombi moja kubwa, namba hiyo ingekuwa zaidi ya 13. Kwa vipande vya megabaiti 1 ni kama 1.04. Ikipanda ghafla hadi 2 bila mtandao kubadilika, anza kwa kutazama `Upload-Offset` zinazorudi baada ya mikatiko. Huenda kuna mtu aliyesasisha nginx na kufuta ule mstari wa `proxy_request_buffering off`.